Mtani Aliyezuia Jeneza

Maoni ya kwanza pembeni mwa rasimu yangu yalikuwa maneno matatu ya penseli, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: "Je, polisi walijulishwa?"

Nilikuwa kwenye chumba cha kusomea cha wanafunzi wa uzamili, katika mji mmoja wa Ujerumani ambako ukifika Desemba, saa kumi na moja jioni ni usiku kamili. Rasimu ilikuwa sura ya pili ya tasnifu yangu, kurasa 11, na ilihusu mazishi ya babu yangu Kisarawe. Katika anthropolojia mtafiti hutakiwa aseme yeye ni nani na amesimama wapi kwenye jambo analolichunguza. Mimi nilichagua kujieleza kupitia msiba ule, kwa kuwa pale ndipo nilipoanza kuuona utani wa makabila kama jambo la kusomwa, si la kuchekwa tu.

Penseli ilikuwa ya mwenzangu wa darasani, Mjerumani. Tulikuwa na mapatano: yeye asome rasimu zangu za Kiswahili kabla sijazitafsiri, mimi nisome zake za Kijerumani. Kiswahili amekisoma darasani kwa miaka minne. Ngeli hakosei. Mara mbili amenisahihisha upatanisho wa kisarufi, na mara zote mbili alikuwa na haki. Kwa hiyo nilipoliona swali lake la polisi sikuweza kusema kwamba hakuelewa lugha. Aliielewa kila neno.

Sehemu aliyoichorea mstari ilisema hivi:

"Tulipolitoa jeneza uani, mzee mmoja Mnyamwezi akajilaza katikati ya njia. Akasema eti marehemu alikuwa anadaiwa kuku wawili, na hazikwi mtu leo mpaka deni lilipwe. Mjomba akatoa elfu mbili, akazikataa. Mjomba akatoa elfu tano, njia ikafunguka."

Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba mzee yule alisema Wazaramo ndio waliomuua ndugu yao, kwa kumkesha ngomani. Pembeni penseli iliuliza: "Chanzo rasmi cha kifo kilikuwa nini?"

Nilicheka mpaka mtu wa meza ya jirani akageuka. Nilipiga picha ukurasa ule nikamtumia dada yangu Dar es Salaam. Akajibu kwa vikaragosi vya kicheko, mstari mzima. Halafu nikaufungua ukurasa wa nne, nikakuta maoni ya tatu, ambayo sikumtumia dada. Yalikuwa kwenye sentensi kuhusu baba yetu. Nitayarudia.

*

Jibu langu la kwanza lilikuwa kiburi. Nilijiambia kwamba tatizo ni lake, kwamba Wajerumani hawana mzaha, na kwamba yeyote aliyewahi kuhani msiba Pwani angeelewa. Kiburi hicho kilidumu siku nne, mpaka nilipoisoma rasimu yake.

Alikuwa anaandika kuhusu kijiji cha bibi yake huko Swabia, kusini magharibi mwa Ujerumani. Huko kuna utaratibu wa zamu ya kufagia: kila juma nyumba moja, au ghorofa moja katika jengo, husafisha ngazi na njia ya mbele, na mara nyingi kibao huhamishwa kutoka mlango hadi mlango ili kila mtu ajue zamu ni ya nani. Aliandika kwamba kijijini kwao mtu angeweza kusamehewa uzinzi lakini si kuruka zamu, na kwamba jirani mmoja aliyeiruka mara mbili alizikwa nje ya ukuta wa makaburi.

Nikaandika pembeni, kwa uzito wote wa mtafiti: "Kanisa liliruhusu?"

Alipoisoma alivua miwani akafuta macho. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba zamani Ulaya watu waliojiua walinyimwa nafasi ndani ya ukuta wa makaburi ya kanisa. Niliujua nusu ya ulimwengu wake, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza. Kama nisingejua lolote huenda ningeshtuka na kuuliza kama ni kweli. Kwa kuwa nilijua kidogo, sentensi ilipata mahali pa kukaa. Haikunigonga popote.

Yeye naye alikuwa ameyasoma mazishi ya babu kwa namna hiyohiyo. Alijua kwamba kuna watu wanaodai fedha kwa nguvu. Alijua kwamba wafiwa huweza kudaiwa madeni ya marehemu. Sentensi yangu ilimpa mzee, deni, kizuizi na malipo, vyote vikiwa vitu vya kawaida duniani. Hakikuwepo hata kimoja kinachomwambia ageuze maana.

Kule nyumbani tunafundishwa kidato cha tatu kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Maelezo hayo yanatosha kwa mtihani, lakini kwa mhariri yana pengo. Maneno yenyewe hayana kinyume chake ndani. Kinachoyageuza ni kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari: sauti iliyovutwa, mdomo uliobetuliwa, historia ya watu wawili wanaosemezana. Mama akisema "Asante, mwanangu!" mbele ya sahani zisizooshwa, zile sahani ndizo zinazobeba kejeli. Ziondoe sahani, na msomaji anabaki na mama mwenye shukrani.

Hii ndiyo sababu mwandishi hawezi kuzikamata kejeli zake kwa kujisomea tu. Mwaka 2005 watafiti wa Kimarekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walitumiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa sauti au kwa baruapepe. Walioandika walitabiri kwamba karibu nne kati ya tano zingefahamika zilivyokusudiwa. Zilizotumwa kwa baruapepe zilifahamika zaidi kidogo tu ya nusu, jambo ambalo ni karibu na kurusha sarafu. Na hao walikuwa wanafunzi wa nchi moja na lugha moja. Mwandishi anaposoma sentensi yake husikia sauti yake kichwani, na anadhani sauti ile imo kwenye karatasi.

*

Nilikuwa na wiki mbili kabla tafsiri haijaenda kwa profesa wangu, na baadaye kwa kamati inayoangalia jinsi tunavyowatendea watu tunaowaandika. Tasnifu hukaa maktabani. Mzee aliyejilaza njiani ni mtu halisi, jirani yetu wa miaka mingi, na katika kijiji kile hahitaji kutajwa jina ili atambulike. Kama msomaji wa mbali angeamini kila neno, ningekuwa nimemhifadhi kwenye rafu kama mnyang'anyi wa maiti, yeye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi. Nilijua kwamba kosa la kusoma lingekuwa la msomaji, lakini gharama ingelipwa na mzee.

Kwa hiyo nikachapa upya kurasa zote 11 na kuzipitia sentensi moja moja nikiwa na kalamu nyekundu. Sikujiuliza kama sentensi inachekesha, maana kila aliyeandika mzaha wake anaona unachekesha. Nilijiuliza: sentensi hii ikichukuliwa ilivyo, kuna kitu kwenye ukurasa kinachomzuia msomaji kuiamini? Kama kipo, nilipita. Kama hakipo, niliweka herufi K pembeni.

Nilidhani ningepata K tano au sita. Nilipata 19.

Nyingi zilikuwa ndogo ndogo. Nilikuwa nimemwita mjumbe wa nyumba kumi "Mheshimiwa Waziri", na mgeni angeweza kudhani serikali ilituma waziri msibani. Nilikuwa nimeandika kwamba daladala iliyotupeleka Kisarawe "iliondoka haraka, ilipojaa kwa saa mbili tu". Nilikuwa nimemsifu binamu yangu kwa "kulia sana, hasa sahani za pilau zilipopita". Hiyo ya binamu niliivuka bila K, kwa kuwa kilio na pilau vimo katika sentensi moja na vinagongana mbele ya macho ya kila mtu. Ya daladala nayo inajifichua, ila kwa udhaifu zaidi: ni neno "tu" peke yake linalofanya kazi, na katika tafsiri neno dogo namna hiyo huanguka njiani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mzaha mkubwa haukuwa wa hatari. Chumvi ikizidi, kila mtu anaionja. Kama ningeandika kwamba mzee alidai kuku elfu kumi, hata mwenzangu angetabasamu. Kuku wawili ndio waliomponza, kwa sababu mtu huweza kweli kudaiwa kuku wawili.

Waingereza wana kisa cha kale kinachoonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1702 Daniel Defoe alichapisha kijitabu bila jina lake, akijifanya Mkristo mkali wa kanisa la dola anayetaka Waprotestanti waliojitenga na kanisa hilo waangamizwe. Defoe mwenyewe alikuwa mmoja wa hao waliojitenga. Alitaka kuwaonyesha wakali hao sura yao. Lakini sauti aliyoiiga ilifanana mno na sauti zilizokuwa zikisikika makanisani wakati huo, na watu wa pande zote mbili wakaichukulia kuwa ya kweli. Mwaka 1703 alisimamishwa hadharani London, shingo na mikono vikiwa vimebanwa kwenye mbao, na akafungwa jela. Miaka 26 baadaye Jonathan Swift aliandika pendekezo kwamba umaskini wa Ireland utatuliwe kwa kuwala watoto wa maskini. Yeye aliweka kitu ambacho akili ya msomaji inakikataa yenyewe. Defoe alitegemea msomaji ajue ni nani aliyeandika, na jina lake halikuwepo kwenye karatasi.

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa inatafuta sentensi za namna ya Defoe, zile zinazowezekana.

*

Kuzipata ilikuwa kazi ya jioni moja. Kuzitengeneza kulichukua siku tisa, na sehemu kubwa ya siku hizo niliipoteza kwenye njia mbovu.

Kwanza niliongeza "kwa utani". "Mzee akasema kwa utani kwamba marehemu anadaiwa kuku wawili." Nikampa mwenzangu. Akasema sasa ameelewa kwamba ni mzaha, ila anamwona mzee kuwa mtu mbaya zaidi: nani anayefanya mzaha mbele ya maiti? Neno lilimvusha mto na kumwacha kwenye tope la ng'ambo. Kwetu neno "utani" lina mlango wa pili ambao yeye hakuuona. Si mzaha tu. Ni uhusiano wenye haki na wajibu, wa kabila kwa kabila, ukoo kwa ukoo, babu kwa mjukuu. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliueleza uhusiano wa aina hii katika makala ya mwaka 1940: mmoja anaruhusiwa, pengine anatakiwa, kumchokoza mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike.

Basi nikaandika tanbihi ndefu ya nusu ukurasa nikimtaja Radcliffe-Brown. Mwenzangu akasoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema ni maelezo mazuri. Lakini alikuwa ameshasoma tukio, ameshamchukia mzee, ndipo akaambiwa kwamba amekosea. Maelezo yanayokuja baada ya mzaha humfanya msomaji ajione mjinga, na mtu aliyeonewa hivyo hacheki nyuma.

Jaribio la tatu lilikuwa kufuta. Nikaandika kwamba kulikuwa na desturi ya watani kukusanya mchango. Haikuwa na kosa lolote, wala haikuwa na mzee. Babu yangu, aliyetaniana na mtu huyo kwa zaidi ya miaka 30, alizikwa kwenye aya hiyo kama mtu asiye na rafiki.

Nilichojifunza mwishoni ni mambo mawili tu. La kwanza: kile kitu ninachokijua mimi kinachoigeuza sentensi lazima kiwe ukurasani, na kiwe kabla ya sentensi, si baada yake. Kiwe kifupi, na kiwe tukio kama inawezekana. La pili: maneno ya mzaha yafuatwe na yale waliyoyafanya walioyasikia. Msomaji wa mbali hawezi kuisikia sauti ya mzee, lakini anaweza kumwona shangazi yangu. Hakuna nchi ambayo mfiwa aliyenyang'anywa fedha hucheka kisha akamkaribisha mnyang'anyi chai.

Tukio likawa hivi:

"Husimuliwa kwamba Wazaramo na Wanyamwezi walianza kutaniana enzi za misafara ya wapagazi waliotoka bara kuja pwani. Msibani, mtani hufanya kazi nzito na huwaudhi wafiwa, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa jirani ya babu alianza kuchimba kaburi kabla ya adhana ya alfajiri. Mchana, tulipolitoa jeneza uani, alikuja amevaa kofia ya babu, akakohoa kikohozi cha babu, kisha akajilaza katikati ya njia. Marehemu anadaiwa kuku wawili, akasema, hazikwi mtu leo mpaka deni lilipwe. Mjomba akatoa elfu mbili. Mzee akaitazama ile noti kama mtu aliyepewa ganda la ndizi. Shangazi, aliyekuwa hajasema neno tangu jana yake, akacheka huku machozi yakimtoka. Mjomba akatoa elfu tano, njia ikafunguka. Jioni ile elfu tano tuliikuta kwenye sukari ya chai ya msiba."

Utaona nimeliondoa neno "eti". Ilinigharimu. Kwa sikio letu "akasema eti" ni kukonyeza jicho: msemaji anasema, lakini mimi ninayesimulia siyadhamini maneno yake. Mwenzangu alikuwa amejifunza kwamba "eti" huanzisha maneno yaliyosemwa na mtu mwingine, na pengine huanzisha swali, na hakukosea. Alisoma "akasema kwamba". Tafsiri nayo ingeleta "kwamba". Kwa hiyo ile kazi ya "eti" nikaigawa kati ya kofia, kikohozi na kicheko cha shangazi.

Alipoisoma mara hii hakucheka. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama mzee yule bado yu hai. Nikasema yu hai. Akasema, "Anaonekana alimpenda sana babu yako." Nikagundua kwamba sihitaji acheke. Mzaha wa Kisarawe si lazima uwe mzaha Ujerumani. Mtu anaweza kubaki nje ya kicheko, mradi asiondoke na uongo. Nami hadi leo sijaona kichekesho cha kufagia ngazi, ila najua hakuna aliyezikwa nje ya ukuta.

*

Ilibaki K moja, ile ya ukurasa wa nne.

Niliandika: "Karo yangu ya sekondari baba aliishughulikia kwa moyo mkunjufu, kila Januari hakukosa kunitumia salamu." Pembeni, kwa penseli: "Inapendeza sana. Ungeweza kueleza zaidi mchango wa baba yako?"

Sentensi hii niliiweka mwisho kwa kisingizio kwamba ni rahisi kuirekebisha. Kwa kanuni zangu mpya, ilihitaji fakti moja tu itangulie: kwamba baba alikuwa na familia nyingine Mwanza, na kwamba karo ililipwa na babu, kwa korosho. Msimu wa korosho ulipokuwa mbaya aliuza miti yenyewe. Nikaiandika fakti hiyo mbele ya sentensi, na kejeli ikasimama wima, inaonekana kutoka popote duniani. Mwenzangu angeielewa. Profesa angeielewa.

Nikaisoma tena, na kwa mara ya kwanza nikaiona jinsi mgeni angeiona baada ya kuambiwa kila kitu. Ilikuwa chungu. Maneno ya mzee yalikuwa mazito kuliko yangu, yalihusu deni na maiti, lakini hayakuwa na uchungu. Tofauti yake nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye ile tanbihi niliyoifuta. Utani una watu wake. Babu ni mtani wangu. Alikuwa akiniita mke wake, nami nikimwambia nimeshapata mwingine mwenye meno. Mzee wa Kinyamwezi ni mtani wetu sote. Baba si mtani. Mtoto hamtanii baba yake, wala baba hana wajibu wa kutokukasirika. Nilikuwa nimelivaa vazi la utani kwenda mahali ambapo utani hauna mamlaka.

Na nikaona kwa nini nilifanya hivyo. Sentensi ile niliitunga kwa Kiswahili, kwa masikio ya dada yangu, nikijua kwamba kama baba angeisoma na kuuliza, ningejibu, "Nilikuwa natania tu, baba." Ilinipa pa kumshtaki na pa kujificha kwa wakati mmoja. Mtu pekee aliyeniharibia maficho hayo ni yule aliyesoma maneno yangu na kuyaamini. Kwa kuyaamini aliniuliza swali ambalo hakuna ndugu yangu aliyewahi kuniuliza: baba alichangia nini?

Nikafuta. Nikaandika: "Baba hakulipa karo yangu. Babu aliilipa, kwa korosho, na baadaye kwa mikorosho. Kila Januari baba alipiga simu kutusalimu." Sentensi ya tatu niliiacha kwa sababu ni kweli. Alipiga kila Januari, hakukosa mwaka hata mmoja. Katika kejeli jambo hilo lilikuwa tusi. Lilipokaa peke yake likageuka kitu ambacho sijui niite nini, mtu ambaye hana fedha, au hana nafasi, au hana ujasiri, na bado anapiga simu.

Siwezi kuweka sentensi kama hiyo maktabani bila kumwambia mwenyewe. Jumapili nikampigia. Kule Mwanza kulikuwa na mvua kwenye bati, nikalazimika kuisoma mara mbili. Sentensi tatu, bila kuvuta sauti, bila kubetua mdomo ambao hata hivyo asingeuona.

Alinyamaza. Nilisikia bati.

"Haya, mama," akasema. "Umeandika vizuri."

Simu ikakatika, yeye ndiye aliyeikata au mtandao. Nilibaki nimeishika, nikiirudia kichwani ile "umeandika vizuri" kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikitafuta kitu cha kuniambia aliisema kwa namna gani.